Mama aliyeogopa kusahihishwa

Kisa hiki kinamhusu mwanamke wa miaka 37, ambaye nitamwita Bi. M., muuza mchele katika soko moja la mjini Morogoro, aliyerudi kusoma Januari 2022 baada ya kukaa nje ya shule kwa miaka 22. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, na yeye mwenyewe ameisoma rasimu hii na kunirekebisha mahali pawili. Wakati huo nilikuwa mshauri wa wanafunzi katika kituo cha masomo ya jioni alichokuwa akisoma. Aliletwa kwangu mwezi Mei na mwalimu wake wa Hisabati, kwa sababu alikuwa hajaonekana darasani kwa wiki tatu mfululizo, na kwenye karatasi ya rufaa mwalimu aliandika neno moja tu: utoro.

Bi. M. aliacha shule mwaka 2000 akiwa kidato cha pili, kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Mtu wa namna hiyo hawezi kujisajili moja kwa moja kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, bali Baraza la Mitihani humtaka kwanza afaulu Mtihani wa Maarifa, ule ambao wengi wanaufahamu kama QT. Ndiyo maana vituo vingi vya jioni hugawa masomo katika hatua mbili za mwaka mmoja mmoja: hatua ya kwanza hubana kidato cha kwanza na cha pili, ya pili hubana cha tatu na cha nne. Kwa mtu anayefungua kibanda saa moja asubuhi na kukifunga saa kumi na moja jioni, mwendo huo ni mkali hata kama hana hofu yoyote moyoni. Lengo lake lilikuwa dogo na la wazi, nalo lilikuwa kusomea astashahada ya maendeleo ya jamii, ambayo huhitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Ana watoto watatu. Kifungua mimba, binti wa miaka 21, alikuwa akisomea uuguzi Dodoma. Wa pili, kijana wa kiume, alikuwa kidato cha tatu. Kitinda mimba alikuwa darasa la nne. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu ambaye huonekana nyumbani siku chache kwa mwezi, na ndiye peke yake aliyejua kwamba mkewe anasoma.

Nilipomuuliza kwa nini aliacha kuja, alinijibu jibu ambalo kila mshauri wa wanafunzi watu wazima amelisikia mara mia: kichwa kimeshazeeka, Mwalimu, hakishiki. Nilikubali haraka mno kwamba tatizo ni kukata tamaa, nikamsimulia habari za mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru, na hakurudi kwangu kwa wiki mbili. Baadaye sana, tulipokuwa tumeshazoeana, aliniambia: "Mwalimu, yule mzee walimpiga picha. Mimi sitaki kupigwa picha." Kosa lilikuwa langu. Mtu anayeogopa kutazamwa nilimpelekea mfano wa mtu ambaye dunia nzima ilimtazama.

Aliporudi, niliacha kumtia moyo nikaanza kuuliza. Kwanza niliomba kuiona karatasi ya jaribio la Hisabati iliyomkimbiza, ambayo alikuwa ameikunja mara nne na kuiweka kwenye pochi la simu. Alikuwa amepata alama 11 kati ya 100. Tuliikunjua mezani na kuhesabu pamoja mahali zilipopotelea zile 89. Alama 27 zilipotea kwa sababu hakuelewa Kiingereza cha swali, ingawa hesabu yenyewe aliiweza nilipomsomea kwa Kiswahili. Alama 18 zilipotea kwa makosa halisi ya hesabu. Zilizobaki, alama 44, zilikuwa za maswali ambayo hakuyagusa kabisa, na miongoni mwake yalikuwamo mawili ambayo aliyafanya mbele yangu kwa dakika saba. Nilimuuliza kwa nini aliyaacha wazi. Alifikiri kidogo, kisha akasema: "Nikiacha wazi, anayesahihisha atajua sikufika. Nikiandika nikakosea, atajua sijui."

Sentensi hiyo ndiyo iliyobadilisha namna nilivyokitazama kisa hiki. Mwanafunzi aliyekata tamaa huandika chochote au hutoka mapema, lakini huyu alikaa chumbani hadi kengele ya mwisho, akilinda karatasi yake isichafuke kwa makosa. Hofu yake ilikuwa ya kusahihishwa, na hofu ya namna hiyo haiwi ya mtihani peke yake. Humfuata mtu kila mahali ambapo kuna uwezekano wa mtu mwingine kumwona akikosea. Nikaanza kuitafuta mahali pengine, na nikaikuta darasani, kwenye madaftari na nyumbani.

Darasani ilikuwa imejificha ndani ya heshima. Wanafunzi wenzake walikuwa vijana wa miaka 17 hadi 23, na kila jioni alipoingia walimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba, wanangu," kisha akaenda kukaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Mtu akishapokea shikamoo kumi na nane hawezi, dakika tano baadaye, kunyoosha mkono na kuuliza kwa nini hasi mara hasi huwa chanya. Mwalimu wa Hisabati, kijana wa miaka 26, alizidisha jambo hilo bila kujua, kwani darasa likipiga kelele alikuwa akimwambia, "Mama, hebu watulize watoto wako." Kila mtu alicheka, naye pia alicheka, lakini kwa maneno hayo alikuwa ameondolewa upande wa wanafunzi na kuwekwa upande wa wakubwa, ambako hakuna ruhusa ya kutojua. Ndiyo maana nina mashaka na ushauri unaotolewa mara kwa mara kwamba mwanafunzi mtu mzima "apewe heshima yake" darasani. Bi. M. heshima alikuwa nayo kupita kiasi.

Madaftari yake yalikuwa mazuri kuliko ya mwanafunzi yeyote wa kituo, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, mistari iliyopigwa rula, hakuna neno lililofutwa. Kila usiku, watoto wakishalala, alikuwa akiingia stoo ya mchele kuanzia saa tano, anawasha tochi ya simu, anaiegemeza kwenye gunia, kisha ananakili upya kwa mwandiko safi yale aliyoandika jioni. Wakati mwingine alinakili somo moja mara tatu. Nilichukua daftari la Uraia, nikalifunga, nikamwomba anieleze ukurasa aliounakili usiku wa kuamkia siku ile. Alikumbuka mambo mawili, kisha akanyamaza, na machozi yakamlengalenga, kwa sababu alidhani nimemthibitishia kwamba kichwa kimezeeka kweli.

Ilibidi nimweleze jambo ambalo halina uhusiano wowote na umri. Kunakili na kusoma tena humpa mtu hisia ya kujua, kwa kuwa maneno yako mbele ya macho na yanaonekana yamezoeleka, lakini kulitambua jambo lililo mbele yako na kulikumbuka likiwa halipo ni kazi mbili tofauti, na mtihani hupima zaidi ile ya pili. Kumbukumbu hukomaa pale mtu anapofunga kitabu, akahangaika kulitoa jambo kichwani, akakosea, kisha akafungua na kujirekebisha. Yeye alikuwa amechagua njia pekee ya kujisomea ambayo haina nafasi ya kukosea. Tuliibadilisha hivi: kila ukurasa aliukunja ukingo wa kushoto na kuandika hapo maswali matano au sita, kisha akayajibu kwa mdomo au kwenye karatasi chakavu kabla ya kufunua. Ukurasa uleule aliurudia kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, na lile alilokosa aliliwekea alama ya nukta badala ya kuandika ukurasa upya. Wiki ya kwanza alichukia sana utaratibu huu, akaniambia unamfanya ajione mjinga zaidi. Hilo ni kweli, na ni vizuri mshauri aliseme mapema, kwa sababu anayejipima huona upungufu wake kila siku, ilhali anayenakili hauoni mpaka siku ya mtihani.

Hata hivyo mabadiliko hayo yasingeweza kufanyika ndani ya stoo saa tano usiku, na hapo ndipo tulipofika kwenye watoto.

Aliwaambia kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakwenda kwenye kikao cha VIKOBA. Vikao vya kikundi cha kuweka na kukopa havifanyiki mara tatu kwa wiki, na kijana wa miaka 16 anaweza kuhesabu. Mwezi Juni yule wa pili alimuuliza kwa sauti ya chini, akiwa anaosha vyombo na bila kumtazama usoni, kama baba anajua anakokwenda. Bi. M. alielewa mara moja mwanawe anafikiri nini. Alinisimulia jambo hilo kesho yake akitetemeka, na bado, hata baada ya kushukiwa kuwa na hawara, aliona kusema ukweli ni kubaya zaidi.

Nilimwuliza swali ambalo sasa huwa nauliza kila nikutanapo na hofu ya namna hii: ukifeli, ni nani hasa atasema nini, kwa maneno yapi? Si "watanicheka," bali maneno yenyewe. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema kwamba kijana wake atamwambia, "Mtu mwenye macho mawili anapataje ishirini ya Hesabu?" Nikamuuliza kama kijana huyo ana kawaida ya kusema hivyo. Alitikisa kichwa. Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Ndiyo aliyomtamkia mwanawe alipoleta ripoti ya kidato cha kwanza, na aliyarudia kidato cha pili, mbele ya dada yake na mbele ya jirani. Toka siku ile kijana aliacha kuleta karatasi za majaribio nyumbani, na ripoti za muhula zilipatikana kwa kupekuliwa kwenye begi.

Hakimu aliyekuwa akimngojea nyumbani, basi, alikuwa na sauti yake. Nimeona jambo hili kwa wazazi wengine waliorudi shule, na naamini ndilo lililo tofauti kati ya hofu yao na ya kijana anayerudia mtihani. Mzazi ametumia miaka mingi kuwajengea watoto sheria kuhusu kufaulu, na siku anapokaa kwenye dawati anajikuta chini ya sheria hiyohiyo, bila msamaha wowote alioacha ndani yake kwa ajili ya mtu yeyote. Kumwambia mzazi huyo kwamba watoto watajivunia juhudi zake hakusaidii kitu, maana yeye mwenyewe hajawahi kuwapongeza kwa juhudi.

Kwa hiyo hatukuanza na kutoboa siri. Tulianza na karatasi za kijana. Nilimwomba kwa mwezi mzima abadilishe jambo moja tu: mtoto akileta alama yoyote, asiseme neno juu ya ile namba, ila aulize, "Lipi lilikupotezea alama nyingi?" kisha asikilize jibu hadi mwisho. Mara mbili za kwanza kijana alijibu, "Sijui," akaondoka. Mara ya tatu, tayari ikiwa Julai, alikaa kwenye kigoda na kueleza kwamba logarithimu zinamchanganya kwa sababu siku mwalimu aliyozifundisha yeye alikuwa mgonjwa. Mama yake, ambaye hakuwa ameufikia mlango huo, alimsikiliza kwa hamu ya kweli, na kijana akashangaa. Siku chache baadaye aliitoa karatasi kwenye begi na kuiweka mezani mwenyewe. Alikuwa amepata 34.

Jumapili ileile Bi. M. alikwenda chumbani, akarudi na karatasi yake iliyokunjwa mara nne, akaiweka kando ya ile ya mwanawe. Tulikuwa tumekubaliana kwamba hatatoa hotuba, na kwamba atakuja na ombi badala ya ungamo, kwa sababu ungamo humlazimu mtoto kutoa hukumu au faraja, na vyote viwili ni mzigo kwa kijana wa miaka 16. Alimwambia, "Hii ni yangu. Naomba unisahihishie yale niliyoacha wazi." Kijana aliitazama ile 11, akaigeuza kuona jina, akauliza, "Kumbe VIKOBA ndiyo hii?" Kisha akaenda kutafuta kalamu.

Ningependa kuonyesha kazi moja waliyoifanya pamoja, kwa kuwa inaeleza vizuri kuliko maelezo yangu kwamba kosa la mtu mzima mara nyingi lina akili ndani yake. Swali lilikuwa hivi: mfanyabiashara aliuza bidhaa kwa shilingi 2,500 akapata faida ya asilimia 25, je, aliinunua kwa bei gani? Bi. M. alichukua robo ya 2,500, yaani 625, akaitoa, akaandika 1,875. Mwanawe alimwambia ni 2,000, akamwonyesha kanuni, naye akaandika kanuni bila kukubali. Waliniletea ubishi huo kituoni wote wawili. Nilimwuliza yeye ananunua mchele kwa bei gani na anauza kwa bei gani. Alikuwa ananunua kilo kwa 2,000 na kuuza kwa 2,500. Nikamuuliza hiyo ni faida ya asilimia ngapi. "Ishirini," alijibu bila kusita, "kila elfu kumi nikiuza, elfu mbili ni yangu."

Alikuwa sahihi kabisa, kwa namna ya sokoni. Muuzaji anayehesabu pesa za droo jioni hupima faida kwa kile alichouza, kwa sababu mauzo ndiyo yaliyo mkononi mwake. Kitabu cha shule hupima faida kwa kile kilichotoka mfukoni, yaani bei ya kununulia, na kwa kipimo hicho 500 juu ya 2,000 ni asilimia 25. Miaka kumi na tano ya biashara ilikuwa imemfundisha kuigawa faida kwa namba nyingine, na hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia kwamba zipo mbili. Nilimwomba ajaribu jibu lake kwa kipimo cha shule: ukinunua kwa 1,875 na kuuza kwa 2,500, umepata 625 juu ya mtaji wa 1,875, ambayo ni theluthi moja, si robo. Aliona mwenyewe kwamba haikai. Tangu siku ile, kila lilipotokea neno asilimia kwenye swali, alilizungushia duara na kuandika pembeni, "ya nini?" Ni swali zuri kuliko kanuni nyingi ninazozijua, na kijana wake aliliiba akaanza kulitumia.

Mpango huu ulikuwa na hatari zake na tuliuwekea mipaka. Mtoto anayemsahihisha mzazi anaweza kuigeuza kalamu kuwa fimbo, na mzazi anayefundishwa na mtoto anaweza kulipiza kwa kuwa mkali kwenye mambo mengine. Walikubaliana kukaa mara mbili kwa wiki, nusu saa, Hisabati peke yake, na kwamba wakibishana wataniletea mimi au mwalimu. Kuna nyumba ambazo nisingeshauri hivi hata kidogo, kwa mfano ambapo mume anapinga masomo na anangoja neno la kumdhihakia mkewe mbele ya watoto, kwani hapo usiri huwa kinga ya lazima. Siri ya Bi. M. haikuwa na adui wa nje.

Kwa kifungua mimba jambo lilikuwa zito zaidi, na sikuwapo lilipozungumzwa. Binti huyo ndiye mimba iliyomwondoa Bi. M. shuleni. Katika zama zile msichana aliyegundulika ana mimba alifukuzwa na hakuwa na njia ya kurudi katika shule ya serikali, na hali hiyo iliendelea hadi Novemba 2021, Wizara ya Elimu ilipotangaza kwamba waliokatiza masomo kwa sababu hiyo wanaruhusiwa kurudi. Bi. M. aliwahi kumwambia binti yake kwamba aliacha shule kwa kukosa ada. Alihofia kwamba akijitokeza sasa kama mwanafunzi, binti atapiga hesabu ya miaka na kujiona yeye ndiye kikwazo, na kwamba akifeli, atakuwa amemwonyesha kwamba hata bila kikwazo asingefika popote. Alimpigia simu Agosti. Aliniambia alichosema kwa sentensi mbili tu: "Sikuacha shule kwa ajili yako. Shule ndiyo iliyoniacha." Binti alijibu kwamba alishajua tangu akiwa na miaka 14, bibi yake alimwambia.

Darasani marekebisho yalikuwa mepesi kuliko nilivyodhani. Mwalimu wa Hisabati aliacha kumtumia kama mtuliza kelele na akaanza kumwita kwa jina lililo kwenye orodha, kama wengine. Salamu zilibaki, kwa kuwa hakuna anayeweza wala anayepaswa kumnyang'anya mama wa watu shikamoo, lakini zilihamia getini. Alihama kutoka mlangoni hadi safu ya pili, akaketi na wasichana wawili waliokuwa wagumu kuelewa hesabu za biashara, na yeye akawafundisha leja kwa kutumia daftari lake la madeni. Walipomwona akikosea vipeo, hawakushtuka, kwa sababu juzi yake wao ndio walikuwa wamekosea mbele yake. Mchana, kati ya saa nane na saa kumi ambapo wateja ni wachache, alianza kujisomea mezani sokoni, maswali upande wa kushoto yakiwa yamekunjwa, na muuza dagaa wa jirani ndiye aliyekuwa akimshikia karatasi na kumuuliza, ingawa hakuwa akielewa majibu.

Mtihani wa Maarifa aliufanya Novemba 2022 na akafaulu. Mwaka wa 2023 ulikuwa wa hatua ya pili, na ulikuja na ugumu mpya, kwa sababu sasa mama na mwana wangefanya mtihani uleule wa kidato cha nne, siku zilezile, yeye akiwa na namba ya mtahiniwa inayoanza na P na mwanawe S. Hapa nilifanya hesabu ya kishauri. Masomo yake saba yalikuwa Kiswahili, Kiingereza, Historia, Jiografia, Uraia, Baiolojia na Hisabati, naye alihitaji manne. Daraja la chini kabisa la ufaulu ni D, ambalo huanzia alama 30. Katika Hisabati kulikuwa na maswali 14, kumi ya sehemu A yenye alama sita sita na manne ya sehemu B yenye alama kumi kumi, kwa hiyo maswali matano kamili ya sehemu A yangemfikisha. Hiyo huonekana rahisi ikiandikwa, lakini ndilo somo ambalo sehemu kubwa ya watahiniwa nchini hulifeli kila mwaka. Nilimshauri alipunguzie muda na kuupeleka kwenye Kiingereza na Jiografia. Alikataa. "Hilo ndilo analosahihisha mwanangu," alisema, na sikubishana naye, ingawa bado nadhani kwa hesabu ya alama peke yake nilikuwa sahihi.

Katika mtihani wa majaribio wa Agosti alipata 33 ya Hisabati, na hakuacha swali hata moja wazi. Nililiandika hilo la pili kwenye jalada lake kabla ya lile la kwanza.

Matokeo yalitoka Januari 2024. Baraza huyaweka mtandaoni kwa namba za watahiniwa, shule kwa shule na kituo kwa kituo, bila majina, hivyo asiyeijua namba yako hawezi kukupata. Angeweza kuyatazama peke yake sokoni. Alingoja hadi jioni. Kijana alikuwa ameshika simu, kitinda mimba ameegemea bega lake, na dada yao yuko hewani kutoka Dodoma. Kijana alipotaka kuanza na ya shule yake, mama alimwambia, "Fungua yangu kwanza," akamtajia namba tarakimu kwa tarakimu.

Alikuwa amepata C ya Kiswahili na C ya Uraia, D za Historia, Jiografia na Kiingereza, F ya Baiolojia na F ya Hisabati: pointi 28, daraja la nne, masomo matano ya ufaulu mahali palipohitajika manne. Kijana aliisoma mistari yote kwa sauti, na alipofika kwenye Hisabati alisita.

"Soma," mama alimwambia.

Aliisoma. Kisha akauliza, "Lakini lile la faida na hasara ulilipata?"

"Lile nililipata."

Ndipo wakafungua ya kwake. Mwezi uliofuata Bi. M. alikuja kituoni kuchukua barua ya kuambatisha kwenye maombi ya chuo, na alipokuwa akiondoka aliuliza kama usajili wa watahiniwa wa kujitegemea umeshafunguliwa, na kama mtu anaruhusiwa kujiandikisha somo moja tu.